Fundi wa Viatu na Nyayo Zake

Mwanafunzi wa Galu ajaribuye kufasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari, iliyofasiriwa na Julius Nyerere mwaka 1963, hukutana mwanzoni na fundi viatu mcheshi. Akiulizwa kazi yake, hutamka neno la Kiingereza ambalo masikioni ni soli na pia ni roho. Mkuu aliyemwuliza hukasirika. Ukiandika "natengeneza soli", hasira ile haina sababu. Hapo sharti mzaha uundwe upya: "Mimi hunyosha nyayo zilizopotoka." Nyayo huwa za kiatu, tena huwa mwenendo wa mtu. Mzaha wa kaa wa pwani na kaa la moto ungewachekesha watu wa Galu, lakini haumhusu fundi. Na mzaha usiojibiwa na mtu yeyote jukwaani, yatosha kufasiri maana yake.