Nahodha wa Kilindoni aandike nini ili aitwe redioni?

Habari nyingi kuhusu papa potwe wa Mafia husema wanakuja Oktoba na kuondoka Machi. Mwaka 2015 utafiti uliochapishwa katika jarida la Biology Letters ulionyesha vingine. Papa waliofungwa vifaa vya kutoa mlio waliendelea kunaswa na vipokezi vilivyotegwa majini hata miezi ile ambayo hakuna anayewaona. Kumbe hawahami, husogea mbali kidogo na ghuba na kukaa kwenye kina zaidi.

Kwa mtayarishaji wa kipindi, hiyo ni habari: kauli moja iliyozoeleka inavunjwa, na ushahidi upo. Sasa tuseme nahodha anayewapeleka wageni kuwatazama potwe anataka kualikwa kama mtaalamu. Wengi huandika hivi: “Mimi ni mzoefu wa bahari kwa miaka mingi, naomba nafasi kwenye kipindi chako.” Mtayarishaji anabaki na kazi ya kutafuta mada, na hana muda huo. Linganisha na ujumbe huu:

“Habari za kazi. Kwenye kipindi chako cha utalii mgeni alisema potwe huhama Mafia ikifika Machi. Utafiti wa 2015 unaonyesha wanabaki. Natoa boti Kilindoni; naweza kueleza kwa nini Juni wageni hawawaoni na jinsi tunavyowatafuta msimu ukianza. Mimi si mtafiti. Kwa upande wa sayansi nitakupa majina ya waliofanya kazi hiyo. Nipo nchi kavu kila siku baada ya saa kumi jioni.”

Sentensi yenye nguvu kuliko zote hapo ni “mimi si mtafiti”. Wengi huiogopa, lakini ndiyo inayomwonyesha mtayarishaji kwamba mgeni huyu hatabuni jibu hewani. Ile ya saa kumi nayo inamwondolea hofu ya kupiga simu na kukuta mtu yuko baharini bila mtandao.

Kwa redio, ambatisha sauti isiyozidi dakika moja, ukijibu swali moja tu bila kujitambulisha kwa kirefu. Mtayarishaji anasikiliza kama unaeleweka, basi.

Wakati mzuri wa kutuma ujumbe ni Septemba. Desemba nahodha hashiki simu, na vyumba vya habari vimeshatoa habari ya msimu. Tuma kwa mtayarishaji mmoja kwanza. Wawili wa chombo kimoja wakigundua wamepata ujumbe uleule, kila mmoja atamwachia mwenzake. Wiki ikipita kimya, rudi mara moja tu ukiwa na jambo jipya, kwa mfano potwe wa kwanza wa msimu ameonekana leo asubuhi. Kimya kikiendelea, peleka kwingine.

“Asante, tutakutafuta” mara nyingi ni hapana ya kistaarabu. Mtayarishaji mwenye nia huuliza siku, saa na namba ya simu inayoshika mtandao vizuri.