Jedwali la Mia Halipindwi

Walimu wenzangu mliohudhuria somo la mfano la darasa la pili lililofanywa hapa Kampala hivi karibuni mtakumbuka kwamba mwalimu, kabla hajatamka neno lolote juu ya kuhesabu kwa mbilimbili, aliuelekea ubao, akaandika chini kabisa 1 hadi 10 kutoka kushoto kwenda kulia, kisha, pale kila mmoja wetu alipotazamia kwamba mkono wake ungerejea kushoto ili kuanza mstari wa pili, akaiandika 11 juu ya 10, na 12 juu ya 9, akarudi nazo hivyo mpaka 20 ikakaa juu ya 1, akapinda tena, na tena, hata 100 ikafika pembeni juu kushoto, kwa taratibu ile ile ya kibao cha nyoka na ngazi ambacho watoto wa mji huu hukijua kwa kuwa aghalabu huchapwa nyuma ya kibao cha ludo. Hapo ndipo somo lilipoharibika, na yote yaliyofuata kwa muda wa nusu saa yalikuwa ni jitihada ya mtu mwenye bidii kuyatoa kwenye ubao mambo ambayo yeye mwenyewe alikwisha kuyaficha.

Hati yake ilikuwa safi, makofi ya kuhesabia yalikwenda kwa mizani, na vizibo vya soda viligawanywa bila fujo. Kuanzia chini nako sina ugomvi nako, maana ni jambo la busara kwamba nambari ikikua ipande.

Jedwali la mia, lenye mistari kumi ya vyumba kumi kumi, lina fadhila moja iliyo mama wa fadhila zake zote: kila mstari huanzia upande ule ule ulioanzia mstari uliotangulia, na kwa hiyo mtoto akihama chumba kimoja kwenda juu huwa ameongeza kumi kamili, awe amesimama juu ya 3 au juu ya 48. Kutokana na hilo tarakimu ya mwisho haibadiliki ndani ya safu moja. Safu ya saba ni 7, 17, 27, hadi 97, na macho hupanda nayo kama yapandavyo mnazi. Sasa, kwa kuwa kumi hugawanyika kwa mbili na kwa tano bila kubakiza, hatua za mbili na hatua za tano hukamilika sawasawa mwishoni mwa mstari, na mstari unaofuata hurudia nyayo zile zile. Ndipo mafungu ya mbili yakajaza safu tano nzima, vyumba hamsini. Mafungu ya tano yakajaza safu mbili, vyumba ishirini. Na mafungu ya kumi yakajaza safu moja ya pembeni, vyumba kumi, ambavyo ni vile vile tu ambamo hatua ya mbili na hatua ya tano zimekutana. Hatua ya tatu, ambayo haiwiani na kumi, hupanda mshazari, kutoka 3 kwenda 12 kwenda 21, na tofauti hiyo ndiyo humfanya mtoto aulize kwa nini zile nyingine zilisimama wima.

Tazameni basi lililotokea kwenye ubao uliopindwa. Watoto walipoambiwa waweke vizibo kwa mbilimbili, mstari wa chini ukapata vizibo juu ya 2, 4, 6, 8 na 10, yaani safu ya pili, ya nne, ya sita, ya nane na ya kumi. Lakini mstari wa pili, kwa sababu ulikuwa unarudi nyuma, ukapata vizibo katika safu ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba na ya tisa. Mwalimu alipouliza wanaona nini, binti mmoja wa mbele akajibu kwa sauti kwamba anaona drafti, na darasa zima likakubali, na mwalimu akasifu. Binti yule alisema kweli tupu, na kwa insafu hakustahili lawama hata chembe. Aliulizwa anachokiona naye akakieleza. Ila drafti ile ilikuwa mali ya ubao, ikizaliwa na ule upindaji, wala haikumwambia mtoto lolote juu ya 2, 12, 22 na 32 ambazo ni ndugu wa tumbo moja na ambazo ubaoni zilikuwa zimetenganishwa, moja katika safu ya pili, nyingine katika safu ya tisa. Mwalimu alikuwa na nafasi pale ya kusita, akaona kwamba jibu sahihi limempeleka pasipo, akafuta ubao na kuanza upya; dakika tano zingetosha. Hakufuta, akasonga mbele kwenye tano.

Na huko kwenye tano mambo yalizidi kuwa mazito, kwani 5 ilikuwa safu ya tano na 15 safu ya sita, kisha 25 safu ya tano tena, ilhali 10 ilikuwa ukingo wa kulia na 20 ukingo wa kushoto. Hakuna mtoto aliyesema kwamba hesabu za tanotano huishia kwa 5 au kwa 0, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuliona hilo. Ikambidi mwalimu aliseme kwa kinywa chake, na watoto wakaliitikia mara tatu kwa pamoja. Nimelalamika katika safu hii kwa miaka mingi juu ya kuitikia kwa pamoja, nami sichoki: kanuni ambayo mtoto angeigundua kwa kidole chake iligeuzwa kuwa kiitikio.

Kumikumi ilihesabiwa kwa Kiganda, kama mtaala wa mada wa mwaka 2007 unavyoruhusu kwa madarasa ya mwanzo, na hapa hasara ilikuwa kubwa kuliko wengi walivyoitambua. Mtoto asemaye kkumi, amakumi abiri, amakumi asatu, amakumi ana, amakumi ataano, husaidiwa na sikio lake, kwa kuwa idadi ya makumi inatajwa waziwazi. Lakini kuanzia 60 huja nkaaga, kisha nsanvu, kinaana na kyenda, na neno lenyewe la makumi hutoweka. Mahali hapo hasa ndipo jicho lilipotakiwa kulipokea sikio mkono, lione 60 imekaa juu ya 50 na 70 juu ya 60 katika safu ile ile moja. Jicho likakuta 50 iko kulia, 60 kushoto, 70 kulia, na sauti za darasa, kama mlivyozisikia, zikafifia papo hapo.

Kuna jambo jingine ambalo mtu aliyefundisha madarasa ya chini hulijua vyema. Mtoto anayejifunza kuruka hatua mara nyingi huihesabu nafasi aliyosimama kuwa ndiyo moja, akawa badala ya kutoka 5 kwenda 10 anatoka 5 kwenda 9, kisha 13, kisha 17. Jedwali lililonyooka humfichua mara moja, tena bila mwalimu kusema neno, kwa kuwa kizibo chake cha pili tayari kimetoka nje ya safu za wenzake, naye mwenyewe hukiona kiko peke yake. Kijana aliyekuwa karibu na dirisha alifanya kosa hilo hilo, na vizibo vyake vikasambaa, lakini vya wenzake waliopatia navyo vilikuwa vikiyumba huku na huku, hata hapakuwa na wa kumshuku. Mwalimu alipita mezani pake mara mbili bila kusimama.

Mwalimu alitueleza baada ya somo kwamba alichagua njia ile kwa kuwa watoto huteleza wanapotoka 10, mwisho wa mstari, na kutakiwa warukie 11 mwanzoni mwa mstari mwingine, ilhali katika nyoka na ngazi 11 imegusana na 10. Udhia huo upo kweli, na anayeukana hajafundisha. Dawa yake, hata hivyo, ilikuwa ikijulikana na walimu wa zamani ambao hawakuwa na chochote ila mkasi na karatasi ya manila: walikata vipande, wakaviunga kuwa utepe mmoja mrefu wa 1 hadi 100, wakautandaza sakafuni, watoto wakautembea kwa miguu mpaka wakaridhika kwamba baada ya 10 ni 11, kisha mbele ya macho yao wakaukata utepe baada ya kila kumi na kuvipanga vipande kimoja juu ya kingine. Mtoto aliyeshuhudia mkasi hakutishwa na mruko wa kutoka 10 kwenda 11, kwa maana aliukumbuka utepe ulipokuwa mzima. Wale waliokusanyika Entebbe kuanzia mwaka 1962, walimu na wataalamu wa Afrika pamoja na wa Marekani na Uingereza, kuandika vitabu vipya vya hesabu, walisumbuka sana na jambo hili la kumfanya mwanafunzi afahamu muundo kabla ya kukariri matokeo, na inasikitisha kwamba mwendo wa saa moja tu kutoka mahali walipofanya kazi tunapinda majedwali kwa ajili ya kufurahisha. Najua pia jibu la baadhi yenu, kwamba inunuliwe chati ya dukani iliyokwisha kupakwa rangi. Nayo naikataa kama nilivyoikataa siku zote, kwani rangi iliyowekwa na mchapaji imemaliza kazi ambayo ilikuwa haki ya mtoto. Barabara ya Nasser inaweza kutuchapia jedwali tupu lisilo na rangi, nalo latosha.

Swali ambalo halikuulizwa kabisa ni lile la kuanza pasipo desturi. Mtoto akiambiwa aanze na 3 na kuruka tanotano, hupata 3, 8, 13, 18, 23, na kwenye jedwali lililonyooka safu mbili husimama tena, ya tatu na ya nane. Aliyekariri kwamba tanotano huishia kwa 5 au 0 hukwama hapo, na aliyefahamu kwamba hatua mbili za tano hutimiza mstari mmoja husonga bila taabu. Kwa kipimo hiki mwalimu hutambua nani kafahamu na nani anaimba, lakini kwenye ubao ule hakikuwezekana, kwa kuwa 3 ilikuwa safu ya tatu na 13 safu ya nane, mahali ambapo palionekana kana kwamba ni pa 8.

Kibao cha nyoka na ngazi kina mahali pake, katika darasa la nne au la tano, baada ya jedwali lililonyooka kuzoeleka. Hapo mtoto aambiwe ajumlishe kila nambari ya mstari wa kwanza na iliyo juu yake: 1 na 20, 3 na 18, 7 na 14, 10 na 11, atapata 21 kila mara, kwa kuwa mstari mmoja unaongezeka kuelekea kule kule ambako mwingine unapungua. Mstari wa pili na wa tatu humpa 41, wa tatu na wa nne 61, na aachwe atafute mwenyewe wa tisa na wa kumi utampa ngapi.