Orodha Isiyochosha: Wimbo wa Vijana Watatu na Shairi Letu la Mavuno

Kila ilipokaribia Sikukuu ya Mavuno, sisi tunaoandikia kwaya hapa Manyoni tuliombwa shairi la kushukuru, na kila mara tulirudia kosa lile lile. Tulikusanya majina ya vitu ambavyo Mungu ametupa, tukatanguliza neno la shukrani mbele ya kila kimoja, tukasoma. Kabla ya kufika katikati watu walianza kukohoa na kutafuta watoto wao. Hakuna kilichokuwa cha uongo katika orodha ile. Lakini msikilizaji aliyeijua mistari mitatu ya kwanza alikwisha kuijua yote.

Tuliporudi kutafuta tulipokosea, tulianzia kwenye Wimbo wa Vijana Watatu. Katika Biblia ya Kikatoliki umo ndani ya sura ya 3 ya Danieli. Kwa Waanglikana umo katika Apokrifa, na Kitabu cha Sala cha 1662 kinauweka katika Sala ya Asubuhi. Ni orodha tupu. Una mistari zaidi ya 30, na karibu yote inajengwa namna moja: kiumbe kinaitwa, kinaambiwa kimhimidi Bwana. Kwa kipimo cha kawaida ungepaswa kuwachosha watu, na bado umeimbwa kwa karne nyingi. Tulitaka kujua kwa nini.

Jambo la kwanza ni kwamba takriri ile ya mwanzo wa mstari haifanyi kazi ya mapambo. Inalishikilia sikio mahali pamoja ili jicho liwe huru kutembea. Msikilizaji akishajua mstari utaanzaje, hahangaiki tena na umbo lake. Anangoja jina tu. Kwa hiyo uzito wote wa mstari unaangukia kwenye jina, na jina dhaifu linaonekana mara moja. Zaburi ya 136 inafanya kinyume chake: katika mistari yake yote 26 kinachorudiwa kiko mwishoni, kama kiitikio cha ngoma zetu, kiongozi akitoa na wengine wakipokea. Huko kurudia ni pumziko. Katika Wimbo wa Vijana kurudia ni kunyanyua mguu kwa hatua nyingine.

Jambo la pili ndilo lililotunyamazisha. Orodha inaanza juu: malaika, mbingu, maji yaliyo juu ya mbingu, jua na mwezi, nyota, manyunyu, pepo. Kila kitu kiko mbali na kinapendeza. Kisha, kwenye kama theluthi ya safari, moto na joto vinaitwa kumhimidi Bwana. Mstari huo haukurefushwa, wala haukuwekewa neno la kutuonya. Ni mwenzetu mmoja aliyeinua kichwa na kuuliza, “Hawa wanaoimba wako wapi?” Wako ndani ya tanuru. Kitu kilichowashwa ili kiwaue wanakialika kwenye sifa, katika zamu yake, kati ya upepo na baridi.

Huo ndio mshangao tunaousema. Haukuletwa kutoka nje ya orodha. Moto ni kiumbe kama vingine, na ulikuwa na haki ya kuwamo. Ila ukishatajwa, mistari iliyotangulia inabadilika. Tunagundua kwamba hata jua na nyota vilikuwa vikiitwa na watu waliozungukwa na ndimi za moto.

Na mtungaji hakuutegemea mshangao mmoja. Anapofika kwenye dunia, anaivunja takriri yake kidogo: badala ya kuiambia dunia ana kwa ana, anasema juu yake, kwamba nayo na imhimidi Bwana. Sikio lililokwisha kuzoea linajikwaa kidogo, na hapo hapo tunateremka kutoka angani hadi kwenye milima, mimea, chemchemi, nyangumi, ndege, mifugo. Kisha watu, kisha makuhani, na mwisho kabisa Anania, Azaria na Misaeli. Wanaoimba wanajiita wenyewe kwa majina. Orodha iliyoanza na viumbe vyote inaishia kwa watu watatu.

Baada ya hapo tulijaribu upya. Kila mmoja wetu alileta vitu vitatu anavyoshukuru kweli, na mwingine akaleta sita. Tulivipanga katika mafungu ya anga, shamba, nyumba na watu, na hapo tukaona ugonjwa wetu wa miaka yote: tulikuwa tukilimaliza fungu moja ndipo tufungue jingine. Mtama, uwele, mahindi, karanga, alizeti. Vitu vitatu vya jamii moja vinatosha kumfundisha msikilizaji kanuni. Cha nne atakitaja mwenyewe. Kwa hiyo cha nne ndipo pa kugeukia. Tukaandika:

Ashukuriwe kwa mtama ulioinamisha kichwa,
ashukuriwe kwa uwele uliovumilia Februari,
ashukuriwe kwa karanga zilizojificha chini,
ashukuriwe kwa kisima cha jirani tusiyesalimiana naye.

Mstari wa nne ni mrefu kuliko wenzake, na hilo tulikusudia. Lakini nguvu yake haitoki kwenye urefu. Karanga zimejificha chini, maji nayo yako chini, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi kabla hatujaingia. Kilichomo ndani tu ndicho hakikutarajiwa. Kijana mmoja alipendekeza simu ya mkononi ifuate malaika. Tuliisoma kwa sauti, watu wakacheka, na mistari mitatu iliyofuata haikusikika. Si kwamba simu haistahili shukrani. Ni kwamba baada yake malaika walibaki vile vile, na shairi halikupata mahali pa kwenda.

Kipimo tunachotumia sasa ni chepesi. Tunabadilishana nafasi za mistari miwili iliyo jirani, kisha tunasoma tena. Ikiwa hakuna kilichoharibika, basi hapo hakuna mpangilio, na mmoja wa mistari hiyo huondolewa. Kwa njia hiyo tulipunguza zaidi ya nusu ya vitu vyetu. Mingine iliuma kuiacha. Alizeti tuliiondoa, na mwenye alizeti yumo kikundini.

Mabishano makubwa yaliletwa na mama mmoja mjane, ambaye shamba lake lilikauka mwaka ule. Alisema tuliandika mvua, umande na upepo, tukaliruka jua kwa makusudi. Baadhi yetu tulimjibu kwamba hatuwezi kumsimamisha mtu aliyekosa mavuno akalishukuru jua lililomkausha. Huo ungekuwa unafiki mbele ya madhabahu. Yeye akatuuliza kama wale vijana walikuwa wanafiki. Tukamwambia wao moto haukuwachoma. Akasema walipoanza kuimba bado walikuwa ndani.

Tuliliweka jua. Kwanza tuliliandika kwa maelezo, jua kali lililotujaribu, na mstari ukawa mahubiri. Tukaondoa sifa zote, tukaliingiza kati ya mwezi na upepo kama kitu cha kawaida: ashukuriwe kwa jua. Jumapili ile, kiongozi alipofika hapo, waumini waliokuwa wakiitikia haraka walichelewa kidogo, kisha wakaitikia. Wawili kati yetu bado wanasema mstari huo haukupaswa kusomwa mwaka wa njaa. Mama yule anataka usogezwe juu zaidi, kabla ya mwezi, kwa sababu katika Wimbo wa Vijana jua ndilo linalotangulia.