Riba ya ngazi: kila ngazi ni mkopo mpya

Mwaka 2009, wenye nyumba wengi wa Marekani walipokuwa wameshindwa kulipa mikopo yao, Wizara ya Fedha ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa HAMP wa kuipanga upya mikopo hiyo. Riba iliweza kushushwa hadi asilimia 2 kwa miaka 5 na muda wa mkopo kurefushwa hadi miezi 480. Baada ya hapo riba ilipanda kwa pointi isiyozidi moja kila mwaka, hadi kufikia ukomo ulioandikwa ndani ya mkataba. Mkopaji aliweza kuijua kila ngazi tangu siku ya kutia saini. Alichohitaji kujua zaidi ni rejesho lenyewe: kila riba ikipanda, atalipa kiasi gani?

Tuchukue mfano wa deni la dola 200,000, miezi 480, na ukomo wa asilimia 5. Hesabu inahitaji vitu vitatu tu: salio la deni, riba ya mwezi, na miezi iliyobaki. Fomula yake ni hii, ambapo B ni salio, r ni riba ya mwaka iliyogawanywa kwa 12, na n ni miezi iliyobaki:

```
P = B * r / (1 - (1 + r)^-n)
```

Kwa asilimia 2, rejesho ni dola 605.65 kwa mwezi. Riba haibadiliki kwa miezi 60, na mwishoni mwake salio ni dola 182,831. Hapo ndipo wengi hukosea. Wapo wanaorudi kwenye dola 200,000 na miezi 480, wakaweka riba mpya ya asilimia 3 na kupata karibu dola 716. Jibu hilo si sahihi, kwa sababu sehemu ya deni imekwishalipwa na miaka 5 imekwishapita. Ngazi ya pili ihesabiwe kama mkopo mpya wa dola 182,831 utakaolipwa kwa miezi 420. Rejesho linakuwa dola 703.63.

Ngazi hiyo hudumu miezi 12 na kuacha salio la dola 179,831. Kwa asilimia 4 na miezi 408, rejesho ni dola 807.04. Baada ya miezi 12 mingine salio ni dola 177,294. Kwa asilimia 5 na miezi 396, rejesho linafika dola 915.07, na hapo linabaki hadi mwisho. Kwa hiyo kuanzia mwaka wa nane mkopaji analipa asilimia 51 zaidi ya alivyolipa mwanzoni, kabla ya kuongeza kodi ya majengo na bima.

Lakini ongezeko la rejesho peke yake halisemi yote. Tazama malipo ya mwezi wa 60: katika dola 605.65, riba ilichukua takriban dola 305 na deni la msingi likapungua kwa dola 300. Mwezi uliofuata riba ilichukua dola 457, ambazo ni 152 zaidi, ilhali rejesho liliongezeka kwa dola 98 tu. Pengo hilo limezibwa na deni la msingi, ambalo sasa linapungua kwa dola 247 pekee. Mkopaji anatoa fedha zaidi, na deni linashuka polepole kuliko mwezi uliotangulia. Ndiyo maana mwenye nia ya kupunguza deni mapema hufaidika zaidi akiongeza malipo wakati riba bado iko chini: kila dola anayoilipa kabla ya ngazi haipo tena kutozwa riba ya juu. Lakini aulize kwanza kama mkataba unatoza faini kwa malipo ya mapema.

Kosa jingine hutokea kwenye tarehe. Riba ya mwezi hulipwa mwezi ukishapita, kwa hiyo malipo ya 60 bado ni ya asilimia 2, na ya 61 ndiyo ya kwanza kubeba asilimia 3. Anayepandisha riba mwezi mmoja mapema ataharibu salio, na kila ngazi inayofuata itarithi kosa hilo.

Njia ya kujihakikishia ni kupanga jedwali la miezi yote 480. Kila mstari zidisha salio kwa riba ya mwezi, ondoa riba hiyo kwenye rejesho, kisha kinachobaki kitoe kwenye salio. Malipo ya 480 yakiacha tofauti ya senti au dola chache tu, hiyo ni ya kukadiria desimali. Yakiacha mamia ya dola, kuna ngazi iliyopewa salio, riba au idadi ya miezi isiyo yake. Anza kukagua pale riba inapobadilika.