Aya ya matokeo: t, 9 na 0.0028

Mwaka 1908 William Gosset, aliyeandika kwa jina la "Student", alitumia data za wagonjwa 10 waliojaribiwa dawa mbili za usingizi. Kila mgonjwa alipewa zote mbili kwa nyakati tofauti, na saa alizoongeza kulala zikaandikwa. Programu ya R inazo data hizo kwa jina la `sleep`, kwa hiyo yeyote anaweza kurudia hesabu:

```r
with(sleep, t.test(extra[group == 2],
     extra[group == 1], paired = TRUE))
```

Kwenye skrini hutokea `t = 4.0621, df = 9, p-value = 0.002833`. Wengi hunakili mstari huu kwenye ripoti na kuongeza "matokeo ni ya maana kitakwimu". Msomaji hajui bado ni dawa ipi iliyozidi, wala kwa saa ngapi. Aya iliyokamilika ingesomeka hivi:

"Kwa wastani, wagonjwa waliongeza saa 2.33 za usingizi kwa dawa ya pili na saa 0.75 kwa ya kwanza. Jaribio la t la jozi lilionyesha kuwa tofauti hiyo ya saa 1.58 ni vigumu kuielezea kwa bahati tu, t(9) = 4.06, p = 0.003. Masafa ya uhakika ya asilimia 95 yanaiweka tofauti hiyo kati ya saa 0.70 na 2.46."

Sentensi ya kwanza inataja upande na ukubwa wa tofauti. Takwimu za jaribio zinafuata kama ushahidi. Thamani ya p inasema hivi: kama dawa zingekuwa na nguvu sawa, tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi, kwa upande wowote, ingetokea kama mara 3 katika 1,000. Haisemi kwamba uwezekano wa dawa kuwa sawa ni 3 katika 1,000, ingawa ndivyo inavyosomwa mara nyingi.

Ile 9 kwenye mabano ni digrii za uhuru: jozi 10 ukitoa 1. Ndiyo inayofichua jinsi jaribio lilivyofanywa. Ukiondoa `paired = TRUE`, R huwachukulia wagonjwa kama makundi mawili ya watu tofauti na kutoa `t = 1.8608, df = 17.776, p-value = 0.07939`. Data ni zilezile, lakini hitimisho limegeuka, kwa sababu tofauti za kawaida kati ya mgonjwa mmoja na mwingine zimeachwa ziufunike mchango wa dawa. Msomaji akiona wagonjwa 10 na digrii za uhuru karibu 18, ajue jozi zimevunjwa.

Neno "kwa wastani" nalo lisiachwe. Mgonjwa mmoja hakuona tofauti yoyote kati ya dawa hizo, na mwingine alizidisha saa 4.6 kwa ile ya pili. Kuandika kwamba dawa ya pili "imethibitika kuwa bora kwa wagonjwa" ni kudai kisichomo katika data za watu 10.