Chanjo ya Mdondo Njiani: Kutoka Jokofu la Wilaya hadi Jicho la Kuku wa Kienyeji

Ugonjwa wa mdondo, ambao katika maeneo mengine huitwa kideri, husababishwa na virusi na huua kuku wa rika zote, mara nyingi karibu banda zima kwa siku chache, huku wagonjwa wakionyesha kuhara kinyesi cha kijani, kukoroma, kulegea mabawa na, kwa wale wanaochelewa kufa, kupinda shingo. Hauna tiba, kwa hiyo kinga pekee yenye uhakika ni chanjo, lakini chanjo zilizozoeleka kwa kuku wa kisasa, kama ile ya Lasota, zilitengenezwa kwa ajili ya mashamba yenye maelfu ya ndege na jokofu lisilozimika. Zikitolewa kwenye baridi hupoteza nguvu haraka, na chupa yenye dozi mia kadhaa haimfai mfugaji mwenye matetea 6 na jogoo mmoja wanaojitafutia chakula nyuma ya nyumba.

Mpango wa chanjo vijijini ulipata njia baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakiongozwa na Peter Spradbrow, kuchagua aina ya kirusi cha mdondo isiyoleta ugonjwa na inayostahimili joto, wakaiita I-2. Mbegu yake, yaani kirusi mama ambacho maabara hukizalisha ili kupata chanjo, ilitolewa bure kwa nchi zilizotaka kujitengenezea, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Kati ya 2002 na 2005 mradi wa kudhibiti mdondo uliofadhiliwa na Australia ulifanya kazi Tanzania, Malawi na Msumbiji, ukijenga utaratibu wa wachanjaji wanaotoka kijijini penyewe na wanaolipwa kiasi kidogo na mwenye kuku. Utaratibu huo ndio unaostahili kuchambuliwa, kwa sababu ustahimilivu wa joto umeeleweka vibaya mara nyingi, na kosa hilo la kuelewa ndilo linaloharibu kampeni nyingi kuliko ukosefu wa umeme wenyewe.

Kustahimili joto hakumaanishi kutodhurika kwa joto. Chanjo ya I-2 ni chanjo hai, yaani ndani ya chupa mna virusi vinavyoishi, na kila saa inayopita nje ya baridi baadhi yao hufa. Tofauti na Lasota ni kwamba hufa polepole: ikiwa imekaushwa kwa kugandishwa na kuwekwa gizani, katika majaribio ya maabara ilibaki na nguvu ya kutosha kwa takriban wiki 8 kwenye nyuzi joto 28. Kwa hiyo ustahimilivu huo ni akiba inayotumika njiani, na ikishatumika hairudishwi kwa kuirejesha chupa kwenye jokofu. Jua nalo huila akiba hiyo kwa kasi zaidi, na ndiyo maana sharti la giza lina uzito sawa na sharti la ubaridi.

Kutokana na hilo, mnyororo baridi, yaani mfululizo wa hatua za kuiweka chanjo kwenye ubaridi tangu kiwandani hadi kwa mnyama, haufutwi, hufupishwa tu. Katika ofisi ya mifugo ya wilaya chanjo hukaa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8, katikati ya rafu wala si mlangoni, na nafasi zilizo wazi hujazwa chupa za maji ili umeme ukikatika ubaridi udumu kwa saa nyingi zaidi. Tatizo ni kwamba umeme unaweza kukatika usiku mzima na kurudi kabla mtumishi hajafika, akakuta jokofu likinguruma kama kawaida. Njia rahisi ya kulibaini hilo ni kugandisha maji kwenye kikombe katika sehemu ya barafu, kisha kuweka sarafu juu yake: sarafu ikikutwa imezama ndani ya barafu, basi barafu iliyeyuka na kuganda upya. Hapo chupa hazitupwi kama ambavyo ingebidi kwa Lasota, bali muda unaokadiriwa wa katizo hilo huandikwa na kutolewa kwenye akiba.

Kuanzia wilayani hadi kijijini chanjo husafiri kwenye kisanduku cha ubaridi chenye barafu, au ikikosekana barafu, huvingirishwa kitambaa kilicholowa maji, ambacho hupoza kadiri maji yanavyokauka, na kubebwa kwenye kikapu chenye kivuli. Jambo la lazima ni kuandika kwenye kila chupa tarehe iliyotolewa kwenye jokofu. Bila tarehe hiyo hakuna mtu awezaye kujua akiba iliyobaki, kwa kuwa chanjo iliyokufa na iliyo hai hufanana kabisa kwa macho.

Hasara kubwa isiyoonekana hutokea mwishoni, wakati wa kuchanganya. Chanjo huyeyushwa kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, yasiyo na klorini, kwa sababu dawa hiyo ya kusafisha maji huua virusi vya chanjo pia, kisha hudondoshwa tone moja kwenye jicho moja la kila kuku, kifaranga kwa jogoo, kipimo kilekile. Tuchukue mfano wa chupa ya dozi 250. Kitone, yaani kichupa cha plastiki cha kudondoshea, kikitoa matone 25 kwa mililita, mchanjaji atahitaji mililita 10 za maji. Akibadilisha kitone na kupata kingine kinachotoa matone 40 kwa mililita, lakini akaendelea kuweka mililita 10, atapata matone 400, na kila kuku atapokea chini ya theluthi mbili ya dozi. Mchanjaji huyo atafurahi kwamba chupa imechanja kuku wengi, huku upungufu huo ukijumlishwa na uliotokea njiani. Kipimo sahihi kwa kitone hicho ni mililita 6.25. Ndiyo maana kila aina mpya ya kitone huhesabiwa matone kwa bomba la sindano kabla ya kampeni, na wakati wa kudondosha hushikwa wima, kwa kuwa kikilazwa ukubwa wa tone hubadilika.

Kuku wenyewe hukamatwa kabla ya kuachiwa alfajiri, kwani wakishatawanyika wengi watakosa chanjo. Mchanjaji hulaza kichwa, hudondosha, na hungoja kuku apepese jicho kabla ya kumwachia. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, na kwa sababu vifaranga wapya huanguliwa kila wakati, zoezi hurudiwa kila baada ya miezi 4, moja likipangwa angalau mwezi mmoja kabla ya msimu ambao wafugaji wa eneo hilo wanaujua kwa vifo. Mdondo ukishaingia kijijini chanjo husimamishwa, maana kuku aliyekwisha kuambukizwa hatapona, na mikono ya mchanjaji itaupeleka ugonjwa nyumba ya pili.

Baada ya kampeni wafugaji wengine hudai kwamba chanjo haikufanya kazi, na dai hilo lichunguzwe kwa uzito. Ndui ya kuku, homa ya matumbo ya kuku na gumboro huendelea kuua, wala I-2 haihusiki nazo. Njia ya kutofautisha ni kuchukua damu kwenye mshipa wa bawa la kuku wachache wiki 3 au 4 baada ya chanjo na kupima kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya kirusi, kwenye maabara ya mifugo. Kuku wengi wakikutwa na kingamwili hafifu, daftari la tarehe na aina ya kitone kilichotumika ndivyo vinavyoangaliwa kwanza, kabla ya kulilaumu jokofu.