Kumpima Mtangazaji wa Mpira kwa Sikio

Matangazo ya mpira ya moja kwa moja, yaani simulizi ya mchezo inayotolewa redioni wakati mchezo wenyewe ukiendelea, ni ufundi ambao wakazi wa Kisii na Nyamira wana sababu nzuri ya kuupima kwa makini. Tangu Shabana iliporejea Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2023, baada ya kukaa nje kwa miaka 17, Uwanja wa Gusii mjini Kisii umekuwa ukifurika mashabiki wa Tore Bobe, lakini wengi zaidi huufuata mchezo wakiwa kwenye mashamba ya chai, ndani ya matatu au dukani, wakisikiliza Egesa FM kwa Ekegusii au idhaa nyingine kwa Kiswahili. Msikilizaji wa aina hiyo hana jicho jingine ila mdomo wa mtangazaji, na kwa hiyo kipimo cha kwanza cha ubora si utamu wa sauti wala wingi wa misemo, bali ni kama wakati wowote ule msikilizaji anaweza kusema mpira uko wapi, uko kwa nani, na unaelekea lango lipi.

Tatizo hili la mahali lilijulikana tangu mwanzo wa ufundi wenyewe. Tarehe 22 Januari 1927, BBC ilipotangaza kwa mara ya kwanza mechi ya kandanda, Arsenal dhidi ya Sheffield United, gazeti la ratiba za redio lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa katika miraba minane yenye nambari, na sauti ya pili ilikuwa ikitaja nambari ya mraba huku Teddy Wakelam akisimulia mchezo. Mchoro huo uliachwa baadaye, lakini kazi uliyokuwa ukiifanya haikwisha, kwa kuwa ilihamia ndani ya sentensi za mtangazaji mwenyewe. Mtangazaji mzuri hueleza mapema, kabla ya filimbi ya kwanza, ni timu ipi inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia kama inavyoonekana kutoka kwenye jukwaa kuu, hulirudia jambo hilo baada ya mapumziko timu zinapobadilishana malango, na kisha hutumia alama chache zisizobadilika, kama vile mstari wa katikati, pembe ya eneo la hatari na kibendera cha kona, badala ya kusema tu kwamba mpira uko pale au umepigwa kule.

Kiswahili humpa mtangazaji chombo cha kufanya kazi hiyo kwa haraka, na msikilizaji mjuzi hukitegea sikio chombo hicho kabla ya kitu kingine chochote. Mchezaji huchukua kiambishi a- na mpira huchukua u-, hivi kwamba silabi moja inatosha kutenganisha mtu na kitu anachokifukuza: "anakwenda" ni winga anayekimbia, "unakwenda" ni mpira ulioachiwa, na "anaukosa" huwaleta wote wawili katika neno moja bila jina lolote kutajwa. Vivyo hivyo nyakati za kitenzi hupima kama mtangazaji yuko sambamba na mchezo. Kiambishi -na- huonyesha tendo linaloendelea, -me- huonyesha tendo lililokamilika sasa hivi, na -li- pamoja na -ka- husimulia yaliyokwisha kupita. Anayesema "anapiga" wakati mpira umeshaondoka mguuni amechelewa, na anayesema "akampa, akapiga chenga, akaupiga" mpira ukiwa bado mchezoni anasimulia hadithi badala ya kutangaza, kwa sababu -ka- ni ya marudio, yaani ya kule kueleza upya jinsi bao lilivyopatikana baada ya kelele kutulia.

Shambulio moja la kubuni linatosha kuonyesha tofauti. Beki wa kulia anaunasa mpira karibu na mstari wa katikati, kiungo anaupokea na kugeuka, winga wa kushoto anatumwa kwa pasi ndefu, anakimbia hadi karibu na mstari wa lango, anamimina krosi, na mshambuliaji anapiga kichwa kinachopita juu ya mwamba. Tukio lote huenda likachukua sekunde kumi na mbili hivi. Mtangazaji dhaifu hutumia sekunde nne za mwanzo kumsifu beki, anakumbushwa na kelele za mashabiki kwamba kuna hatari, kisha anapaza sauti kwa maneno yasiyo na picha kama "hatari, hatari, lo!" na msikilizaji hajui ni lango gani lililonusurika. Mtangazaji hodari husema: "Umenaswa, katikati. Kiungo. Anageuka, anautuma kushoto, mrefu, winga anaufikia, anakwenda, anakwenda, yuko karibu na kibendera, anaumimina, kichwa! Umepita juu." Sentensi zinafupika kadiri mpira unavyokaribia lango, vitenzi vinabeba kazi yote, sifa hazina nafasi, na matokeo yanatajwa kabla ya hisia. Sifa ya yule beki inaweza kungoja, kwani mpira umetoka na mlinda lango atachukua muda kuuweka chini.

Kuna matukio ambayo hakuna ulimi unaoweza kuyafuata, na hapo ujuzi hupimwa kwa jinsi mtangazaji anavyojipanga kabla. Mkwaju wa penalti hupigwa mita 11 kutoka mstari wa lango, na mpira unaokwenda kilomita 90 kwa saa, ambazo ni mita 25 kwa sekunde, hufika langoni kabla ya nusu sekunde kwisha, muda unaotosha silabi mbili au tatu tu. Kwa hiyo mtangazaji mzuri hueleza kila kitu mapema: nani anapiga, kwa mguu gani, mlinda lango amesimamaje, na matokeo ni mangapi kwa mangapi. Mpigaji anapoanza hatua zake, mtangazaji husema neno moja kisha hunyamaza, na baada ya pigo hutaja jambo moja tu, ama ni bao, ama umeokolewa, ama umetoka nje. Anayejaribu kulisimulia pigo lenyewe huishia kusema juu ya kelele za uwanja, na msikilizaji hulipata jibu kwa mashabiki kabla ya kulipata kwake.

Msisimko nao una hesabu yake. Sauti ya mtangazaji ina nafasi ndogo kati ya mazungumzo ya kawaida na ukelele unaopasuka kwenye kipaza sauti, na anayeimaliza nafasi hiyo kwa pasi ya katikati ya uwanja hana alichobakiza kwa ajili ya bao. Wasikilizaji wazoefu wa Gusii hujua kusikiliza kama sauti inapanda pamoja na mpira, ikibaki chini katikati, ikikaza inapofika theluthi ya mwisho, na kupaa ndani ya eneo la hatari pekee, kisha ikishuka mara moja hatari inapokwisha. Kushuka huko ndiko kugumu zaidi, na ndiko kunakomtenga bingwa na mwanafunzi, kwa sababu sauti isiyoshuka humfanya msikilizaji aamini kwamba hatari bado ipo. Aliyezoea sauti za Leonard Mambo Mbotela na Mohammed Juma Njuguna kutoka enzi za Sauti ya Kenya atatambua kipimo hiki bila kufundishwa.

Kosa linaloandamana na msisimko ni kutangaza bao ambalo halipo. Mpira unaogonga wavu wa pembeni kwa nje hutikisa nyavu sawasawa na bao, hasa ukitazamwa kutoka mbali na kwa pembe kali, na mtangazaji mwenye pupa huita bao ambalo itambidi alifute. Dawa yake ni kutazama sehemu mbili kabla ya kufungua kinywa: mkono wa refa unaoelekezwa katikati ya uwanja, na mshika kibendera anayekimbia kurudi kwenye mstari wa katikati badala ya kusimama na kibendera juu kuonyesha kuotea. Kuchelewa kwa sekunde moja hakumpunguzii msikilizaji furaha, lakini bao lililofutwa humnyima imani kwa dakika zote zinazobaki.

Upendeleo hauna budi kutajwa, kwa kuwa idhaa ya nyumbani inapotangaza Shabana dhidi ya Gor Mahia hakuna anayetarajia sauti isiyo na moyo. Furaha ya mtangazaji inaweza kuwa upande mmoja bila kuharibu kazi, mradi picha ibaki sawa kwa pande zote mbili. Picha hujulikana kuwa imeharibika wakati wageni wanaposhambulia: maneno hupungua, majina hupotea, mtangazaji huanza kulaumu ulinzi kabla ya kueleza mpira uko wapi, na bao la wageni humfikia msikilizaji kama radi isiyo na wingu.

Linabaki suala la mapengo, nalo ndilo linalowashinda wengi. Katika ligi kubwa za Ulaya mpira huwa mchezoni kwa takriban dakika 55 hadi 60 kati ya 90, na muda uliobaki ni wa mipira ya kurusha, kona, majeruhi na mabishano. Mtangazaji mzuri huujaza muda huo kwa yale yanayohusu dakika inayofuata: nani anakwenda kurusha, mabeki gani warefu wamepanda kwa ajili ya kona, mvua ya alasiri ya milima ya Gusii imeufanyaje uwanja na kama mpira sasa unakwama au unateleza. Juu ya yote huyataja matokeo na dakika, kwani kila mara kuna aliyefungua redio sasa hivi. Red Barber, mtangazaji maarufu wa besiboli wa Marekani, aliweka mbele yake saa ya mchanga ya dakika tatu, na kila mchanga ulipokwisha alitaja matokeo na kuigeuza. Tangazo la mdhamini linaruhusiwa wakati mlinda lango anatafuta mpira, si wakati kona imeshawekwa.

Mbio ndefu huonyesha nidhamu hiyo kwa uwazi kuliko kandanda, na eneo hili lina mfano wake mkubwa. Naftali Temu, mwana wa Nyamira, alipoipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, Mexico, Oktoba 1968, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27.4, yaani mizunguko 25 ya wastani wa sekunde 70 na ushei kila mmoja. Simulizi ya mbio kama hizo ina nafasi tele ya maisha ya mwanariadha na ya hewa nyepesi ya mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, lakini nafasi hiyo iko katika mizunguko ya mwanzo. Kila mzunguko hudai mambo matatu: imebaki mizunguko mingapi, nani wako mbele, na pengo linakua au linapungua. Kipchoge Keino alipotoka njiani kwa maumivu ya tumbo mizunguko ikiwa imebaki michache, na vita vikabaki kati ya Temu na Mamo Wolde wa Ethiopia, wasifu haukuwa na nafasi tena, na katika mita za mwisho, Temu alipompita Wolde na kushinda kwa chini ya sekunde moja, kilichohitajika ni majina mawili na umbali uliobaki.

Kunyamaza nako ni sehemu ya kujaza pengo. Bao la Shabana linapoingia Uwanja wa Gusii, mtangazaji anayejua kazi yake hutaja mfungaji na matokeo mapya, kisha huiacha sauti ya mashabiki wa Tore Bobe ipite kwenye kipaza sauti kwa sekunde tano hadi kumi, kwa sababu hakuna sifa anayoweza kuitunga itakayolieleza bao hilo kuliko uwanja wenyewe. Ndipo anapolirudia kwa -li- na -ka-, akianza na pasi iliyoanzisha yote, na ndipo mchambuzi, yaani mwenzake wa kibandani anayeeleza sababu, anapopewa zamu. Mchambuzi bora husema jambo moja, na hata kama sentensi yake haijakamilika huikata mara tu mpira unapowekwa katikati na refa anapoinua filimbi.